Mawe ya Shinkolobwe yamekwisha nguvu? Hesabu ya nusu-maisha inajibu



Baada ya kipindi chetu juu ya historia ya migodi, mzee mmoja wa Likasi alitupigia simu. Ni mmoja wa wale waliokaa katika kijiji cha kando ya mgodi wa Shinkolobwe mpaka mwaka wa 2004, walipoondoshwa. Aliniambia hivi: «Mwanangu, vijana wa huku wanasema mawe yale yamekwisha nguvu. Wanasema yalichimbwa zamani za Wabelgiji, na kitu chenye mionzi kina muda wake, ukipita kinakufa. Mkwe wangu anataka kurudi kule usiku kuchimba. Na mimi mwenyewe niko na jiwe moja nililolibeba wakati ule, linashikilia mlango wa chumba. Niambie ukweli: limekufa ao halijakufa?»

Swali hili halijibiwi kwa maneno ya barabarani. Linajibiwa kwa hesabu moja ambayo watoto wetu wa sekondari wanaifanya darasani, hesabu ya nusu-maisha. Leo tutaifuata hesabu hiyo tangu ilipozaliwa mpaka ifike kwenye jiwe la mzee wetu.

Hewa iliyopungua nusu kila dakika

Karibu na mwaka wa 1900, mtaalamu kijana aliyeitwa Ernest Rutherford alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada. Alikuwa akichunguza madini yanayoitwa toriamu, ambayo yanatoa mionzi. Aliona kwamba ukipuliza hewa juu ya toriamu, hewa hiyo inaondoka na kitu ndani yake. Ukiipeleka hewa ile kwenye chombo kingine, mbali na toriamu, nayo inatoa mionzi. Lakini haidumu, nguvu yake inashuka upesi.

Rutherford akapima namna inavyoshuka. Akaona kwamba baada ya dakika moja hivi, nguvu imebaki nusu. Mtu angefikiri kwamba dakika ya pili ingemaliza nusu iliyobaki. Haikuwa hivyo. Dakika ya pili ilichukua nusu ya ile nusu, ikabaki robo. Dakika ya tatu ikachukua nusu ya robo, ikabaki sehemu moja ya nane. Tukianza na 100, tunapata 50, halafu 25, halafu 12,5, halafu 6 na kidogo. Kila dakika inakata nusu ya kile ilichokikuta, haikati nusu ya kile cha mwanzo.

Muda huo wa kupungua nusu ndio tunauita nusu-maisha. Mwaka wa 1902, Rutherford na mwenzake Frederick Soddy walieleza sababu yake: chembe za kitu chenye mionzi, yaani atomu, zinabadilika moja moja na kuwa za kitu kingine, na mionzi inatoka wakati wa kubadilika huko.

Kwa nini iwe nusu kila mara? Kwa sababu atomu haizeeki. Atomu iliyokaa miaka 1000 bila kubadilika haiko karibu zaidi na mwisho wake kuliko ile iliyozaliwa leo. Zote ziko na bahati ileile. Mnaweza kujaribu hata kambini, na watoto. Chukueni punje 64 za mahindi, mpake kila moja makaa upande mmoja. Zimwageni juu ya turubai, halafu muondoe zote zilizoangukia upande mweusi juu. Zitabaki karibu 32. Mwageni tena zilizobaki: karibu 16. Tena: karibu 8. Hakuna punje inayojua kwamba imemwagwa mara ngapi. Kwa punje chache mtapata 29 au 35 pahali pa 32, lakini katika gramu moja ya madini atomu ni nyingi kupita hesabu, kwa hiyo nusu inatoka sawasawa kabisa.

Kutoka Shinkolobwe mpaka Olen

Sasa turudi kwetu. Mwaka wa 1915, Mwingereza Robert Sharp, aliyekuwa akitafuta madini kwa ajili ya kampuni ya Union Minière, aliona mawe mazito yenye rangi za ajabu pale Shinkolobwe, karibu na mji ambao leo ni Likasi. Yalikuwa mawe ya uraniamu, na yalikuwa tajiri kuliko yote yaliyojulikana. Lakini wakati ule hakuna aliyetafuta uraniamu. Walichokitafuta ni radiamu iliyokuwa ndani yake.

Radiamu iligunduliwa mwaka wa 1898 na Marie Curie na bwana wake Pierre, mjini Paris. Waganga waliitumia kuchoma uvimbe wa kansa, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Mwaka wa 1921, akina mama wa Amerika walichanga dola 100.000 ili kumnunulia Marie Curie gramu moja tu. Ni gramu moja, chini ya nusu ya kijiko kidogo cha chumvi.

Wabelgiji wakapeleka mawe ya Shinkolobwe Ubelgiji, wakajenga kiwanda katika kijiji cha Olen, na mwaka wa 1922 radiamu ya Kongo ikaanza kutoka. Kazi ilikuwa kubwa, kwa sababu hata katika jiwe tajiri, tani 3 za uraniamu zinabeba gramu 1 tu ya radiamu. Kumbukeni hesabu hiyo, tutairudilia.

Gramu moja ya Olen: tufanye hesabu

Nusu-maisha ya radiamu ni miaka 1600. Tuseme gramu moja ilitengenezwa Olen mwaka wa 1922 na kufungwa ndani ya bomba. Mwaka wa 3522, miaka 1600 ikiisha kupita, kutabaki nusu gramu, yaani gramu 0,5. Mwaka wa 5122, nusu-maisha ya pili, kutabaki gramu 0,25. Mwaka wa 6722, nusu-maisha ya tatu, kutabaki gramu 0,125.

Mwanafunzi anayejitayarisha kwa mtihani wa serikali aishike kazi hii katika hatua mbili. Kwanza, gawa muda uliopita kwa nusu-maisha, upate idadi ya nusu-maisha, tuiite n. Pili, gawa uzito wa mwanzo kwa 2, mara n. Kwa maandishi ya darasani ni hivi:

```
n = t / T
m = m0 × (1/2)^n
```

Hapa t ni muda uliopita, T ni nusu-maisha, m0 ni uzito wa mwanzo, na m ni uzito uliobaki. Mfano: uko na gramu 8 za radiamu, imepita miaka 4800. Gawa 4800 kwa 1600, unapata 3. Sasa kata nusu mara tatu: 8 inakuwa 4, 4 inakuwa 2, 2 inakuwa 1. Imebaki gramu 1.

Makosa yanakuja pahali pawili. Wengine wanagawa 8 kwa 3, kwa sababu nusu-maisha ni tatu. Wengine wanaondoa gramu 4 kila mara, kwa hiyo baada ya mara mbili wanasema radiamu imekwisha. Hili la pili ndilo kosa la vijana wa Likasi. Njia ya kulitambua ni rahisi: ukikata nusu ya kitu, daima kuna nusu nyingine inayobaki. Jibu lako likiwa sifuri, ujue umekosea.

Na ikiwa muda uliopita haujafika hata nusu-maisha moja? Hesabu ni ileile. Kutoka 1922 mpaka 2022 ni miaka 100. Gawa 100 kwa 1600, unapata 0,0625. Weka namba hiyo pahali pa n katika mashine ya kuhesabu, na utaona kwamba kwa kila gramu imebaki karibu gramu 0,96. Maana yake, karne nzima imepita, wazee wetu wamezaliwa na kufa, na radiamu ya Olen imepoteza sehemu 4 tu katika 100.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa. Tunaposema imebaki gramu 0,5, tunasema juu ya radiamu, hatusemi juu ya kila kitu kilicho ndani ya bomba. Radiamu iliyoondoka haikupotea hewani kama moshi. Imegeuka kuwa kitu kingine, na kingine tena, mpaka mwisho ikawa risasi, yale madini yanayowekwa ndani ya betri ya gari. Ukilipima bomba lililozibwa vizuri kwa mizani, uzito utakuwa karibu uleule. Mizani haikwambii kama mionzi imekufa.

Na macho nayo hayakwambii. Zamani, mishale ya saa ilipakwa rangi yenye radiamu ili ing'ae usiku. Saa nyingi za namna hiyo haziangazi tena leo, na mtu anaweza kusema radiamu imekufa. Lakini kilichochoka ni ile rangi inayong'aa, iliyopigwa na mionzi kwa miaka mingi mpaka ikaharibika. Radiamu yenyewe iko palepale, karibu yote. Ndivyo ilivyo pia kwa madaftari ya Marie Curie, aliyekufa mwaka wa 1934. Mpaka leo yanahifadhiwa Paris ndani ya masanduku ya risasi, kwa sababu bado yanatoa mionzi.

Kwa nini jiwe si sawa na bomba la Olen

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: sawa, basi jiwe la mzee litapungua nusu baada ya miaka 1600. Hapana. Hapa ndipo hata waliosoma wanapotea.

Radiamu ya Olen ilitolewa ndani ya jiwe na kuwekwa peke yake. Iko yatima, haina anayeiongeza, kwa hiyo inapungua kwa hesabu yake. Lakini radiamu iliyo ndani ya jiwe iko pamoja na mama yake, na mama yake ni uraniamu. Uraniamu nayo inabadilika polepole, inapita katika hatua kadhaa, na inazaa radiamu. Kila siku radiamu kidogo inaondoka, na kila siku nyingine kidogo inazaliwa.

Fikirini beseni yenye tundu chini ya bomba la maji lililofunguliwa. Maji yanatoka kwa tundu, lakini bomba linaleta mengine, na kimo cha maji kinabaki palepale. Ukitaka kujua beseni itakauka lini, usiangalie tundu, angalia tangi linalolisha bomba.

Tangi letu ni uraniamu, na nusu-maisha yake ni karibu miaka bilioni 4,5. Hii pia ndiyo sababu ya ile hesabu ya tani 3 kwa gramu 1. Gawa bilioni 4,5 kwa 1600, unapata karibu milioni 3. Na tani 3 ni gramu milioni 3. Mama anakufa polepole mara milioni 3 kuliko mtoto, kwa hiyo katika jiwe mama anakuwa mwingi mara milioni 3 hivi kuliko mtoto.

Mawe ya uraniamu ya Shinkolobwe yana umri wa zaidi ya miaka milioni 600. Tuhesabu kwa milioni 600. Gawa kwa bilioni 4,5, tunapata karibu 0,13. Hata nusu-maisha moja haijafika, hata robo yake haijafika. Ukiendelea na hesabu, unakuta uraniamu iliyobaki ni zaidi ya 90 katika 100 ya ile ya mwanzo. Na kwa kuwa radiamu inamfuata mama yake, nayo inapungua kwa mwendo huohuo.

Basi, kati ya siku Sharp alipoyaona mawe yale na leo, hakuna kilichopungua ambacho mtu angeweza kukipima. Mwaka wa 1940, mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma zaidi ya tani 1000 za mawe hayo New York, na mwaka wa 1942 jeshi la Amerika likayanunua. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima la mwaka wa 1945 ilitoka kwetu. Kwa mwanadamu hayo ni mambo ya babu. Kwa uraniamu ni kama jana asubuhi.

Hewa iliyo ndani ya nyumba

Kuna mtoto mwingine katika ukoo huu, na huyu ndiye anayemhusu mzee wetu zaidi. Radiamu ikibadilika inazaa hewa inayoitwa radoni. Haina rangi wala harufu. Nusu-maisha yake ni siku 3,8 tu.

Ukiifunga radoni peke yake ndani ya chupa, itakwisha upesi. Baada ya siku 38 zimepita nusu-maisha 10. Kata nusu mara kumi, na unabaki na sehemu moja katika 1024. Hospitali za zamani zilijua hesabu hiyo. Zilikuwa na radiamu imefungwa ndani ya chombo, na kila baada ya siku chache wanaikamua hewa yake kama mtu anayekamua ng'ombe, wanaifungia katika vibomba vidogo vya kutibu wagonjwa. Vibomba vilipoteza nguvu baada ya wiki chache, lakini ng'ombe alibaki, na maziwa yalirudi.

Jiwe la uraniamu ni ng'ombe wa namna hiyo. Unaweza kufungua madirisha leo, hewa ya radoni ikatoka yote. Ukifunga nyumba, ndani ya siku 3,8 imerudi nusu ya kiasi chake, na baada ya mwezi mmoja hivi imerudi karibu yote, kwa sababu radiamu iko ndani ya jiwe ikiizaa. Mtu akiivuta radoni, watoto wake, ambao si hewa tena bali ni vumbi dogo sana lenye mionzi, wanaweza kukaa ndani ya mapafu. Kwa miaka mingi hiyo ni njia moja ya kansa ya mapafu. Mchimbaji anayevunja mawe haya ndani ya shimo lisilo na upepo anavuta radoni na anavuta pia vumbi la jiwe lenyewe.

Mashimo ya Shinkolobwe yalifungwa mwaka wa 1960, kabla ya uhuru. Baadaye wachimbaji wadogo waliingia kutafuta kobalti, kwa maelfu. Kobalti ya kawaida haitoi mionzi, lakini pale inalala pamoja na uraniamu, na mchimbaji hana njia ya kuzitenganisha kwa macho. Mwezi wa kwanza wa 2004 amri ya rais ilikataza uchimbaji huo. Mwezi wa saba mwaka huohuo, shimo liliporomoka na kuua watu. Halafu ndipo familia za kijijini zikaondoshwa, na mzee wetu akabeba mizigo yake, na jiwe lake.

Jibu kwa mzee

Nilimrudishia simu, nikamwambia: «Papa, jiwe halijakufa. Tangu ulipolibeba halijapungua hata kidogo cha kupimika, na mjukuu wa mjukuu wako atalikuta na nguvu ileile.»

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza: «Sasa ile miaka yote liko mlangoni?»

Sikumdanganya. Hatari inategemea jiwe lina uraniamu kiasi gani, liko karibu na watu kwa saa ngapi kwa siku, na nyumba inaingiza upepo ao haiingizi. Jiwe moja mlangoni si sawa na shimo la mgodi. Na huenda jiwe lake halina uraniamu kabisa. Mkono na macho haviwezi kusema, kinachosema ni kipimo cha mionzi. Kwa hiyo tulikubaliana hivi: asilivunje, asilifute kwa kitambaa kikavu, asilitupe karibu na kisima wala pahali watoto wanapochezea, asimpe mtu wala kuliuza. Alitoe nje kwa koleo, aliweke mbali na nyumba, anawe mikono, na apeleke habari kwa watumishi wa serikali wanaoshughulikia migodi na mionzi, waje na kipimo.

Kuhusu mkwe wake, mzee alisema atamwonyesha ile kazi ya punje za mahindi. «Nitamwambia amwage mpaka zikwishe,» alisema, «halafu nitamwambia kwamba kwa jiwe la Shinkolobwe, mara ya kwanza tu ya kumwaga inangoja miaka bilioni 4 na nusu.»

Familia zilizotoka kule na ziko na mawe nyumbani, tuiteni kwa namba ileile ya kipindi.